Kilomita moja ya teksi Mombasa inakula shilingi ngapi? Mwongozo kamili kwa dereva na tajiri wa gari

Ukimuuliza dereva pale Mwembe Tayari ama kule SGR Miritini gari lake linakula ngapi kwa kilomita atakutajia mafuta peke yake, na akishatoa mafuta kwa mapato ya siku ile inayobaki mfukoni anaiita faida. Mafuta kweli ndio makubwa kuliko kitu kingine chochote, lakini kwa gari dogo la teksi hapa Mombasa hayafiki hata nusu ya gharama yote, zingine zinalika polepole bila mtu kukudai leo, mpaka siku tairi nne zimeisha kwa mpigo na bima nayo imefika ndio watu wanaanza kukopa. Hapa tutaifanya hesabu yote hatua kwa hatua, na tutashika gari moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, Toyota Vitz ya 1000cc iliyonunuliwa 850,000, inapiga kazi siku 26 kwa mwezi. Bei ninazoweka ni za mfano, wewe weka zako, njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza: kilomita zenyewe

Bila kilomita hakuna hesabu, kwa hivyo tafuta daftari dogo likae kwa gari. Asubuhi kabla hujawasha andika namba ya odomita, usiku ukipaki andika tena. Usitumie zile kilomita za kwenye apu manake apu inahesabu kuanzia kasta anapoingia mpaka anaposhuka, haijui umetoka Changamwe nyumbani kuja mjini, haijui umezunguka Nyali ukitafuta geti la mtu, wala haijui umerudi Mtwapa mtupu. Odomita inajua yote.

Halafu weka safu ya pili ya kilomita za kulipwa, yaani zile ambazo kasta alikuwa ndani. Hizo sasa ndio unazitoa kwa apu ama kwa risiti, na zile za watu wa simu unaandika mwenyewe. Mwezi ukiisha utakuwa na namba mbili. Vitz yetu tuseme imetembea kilomita 4,000 kwa mwezi, na kati ya hizo za kulipwa ni 2,400. Zile 1,600 zingine ni kilomita tupu, zishike akilini tutazirudia, manake ndizo zinazomaliza watu.

Hatua ya pili: mafuta

Usiamini mtu akikwambia Vitz inaenda 20 kwa lita. Labda barabara ya Malindi usiku, peke yako, AC imezimwa. Mjini hapa na joto hili, kasta anataka AC kabla hajafunga mlango, foleni ya daraja la Nyali jioni, kupanda na kushuka Buxton, utapata chini ya hapo sana, na njia ya kujua ni moja tu, jaza mpaka juu halafu jaza tena mpaka juu.

Unaenda petroli stesheni unajaza mpaka pampu ikate yenyewe, hapo usiongeze hata tone. Unaandika odomita. Unafanya kazi zako za kawaida siku mbili tatu, halafu unarudi pampu ile ile unajaza tena mpaka ikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia, kilomita ulizotembea ugawe kwa hizo lita. Kwa nini pampu ile ile? Kwa sababu pampu hazikati sawa, na gari likiwa limeinama kidogo upande mmoja tanki linajaa tofauti, kwa hivyo mahali pale pale, gari limeelekea vile vile. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, usichukue ile nzuri kuliko zote ukajifurahisha nayo.

Vitz yetu imetoa kilomita 14 kwa lita. Bei ya mafuta EPRA wanatangaza kila tarehe 14 na inaanza kutumika tarehe 15 hadi 14 ya mwezi unaofuata, na sisi huku pwani tunapata afueni kidogo kuliko Nairobi kwa vile mafuta yanashukia hapa hapa Kipevu. Tuweke 180 kwa lita. 180 gawanya kwa 14 unapata 12.86 kwa kilomita.

Hiyo 14 sasa ndio inakuwa kipimo chako cha afya ya gari. Ikishuka ghafla ikawa 12 na njia zako hazijabadilika, kuna kitu. Anza na upepo wa tairi, halafu angalia ea filta, na kabla hujaenda kulipia mtu mashine ya kusoma injini fanya hivi: endesha dakika ishirini bila kukanyaga breki ovyo, simama mahali pa tambarare, halafu pitisha mkono karibu na kila rimu, usishike kwanza, karibu tu. Ukikuta moja inatoa joto kali na zingine tatu ni vuguvugu, hiyo kalipa imekwama, breki inashika muda wote na unachoma mafuta kuburuta gari lako mwenyewe. Hapa kwetu hilo ni jambo la kila siku kwa sababu chumvi ya bahari inakula pini za kalipa. Fundi akizitoa akazisafisha na kuzipaka grisi yake ya breki mchezo umeisha, lakini ukiacha, pedi inaisha upande mmoja, diski inapinda, na mafuta unaendelea kuyalipia.

Foleni ya feri Likoni nayo ihesabu. Gari dogo likisimama na AC imewashwa saa nzima linaweza kukaribia kumaliza lita moja, na odomita haijasonga. Ndio maana dereva wa kupiga Likoni kila siku hatapata 14 kama mwenzake wa Nyali hata kama magari yao yametoka meli moja. Kama kazi yako ni kutoka airport kwenda Diani basi pima pia njia ya Dongo Kundu, kilomita zinahesabika lakini gari linatembea.

Hatua ya tatu: tairi

Hapa watu wengi wanaona wanasevu kumbe wanatoa zaidi. Tufanye hesabu zote mbili.

Tairi mpya za Vitz, tuseme 6,000 moja, nne ni 24,000. Ongeza kufunga, balansi na alainimenti 2,500, jumla 26,500. Ukizitunza, upepo sawa na alainimenti sawa, zikupe kilomita 40,000. Hiyo ni kama 0.66 kwa kilomita. Pancha za mwezi weka 350, gawa kwa 4,000 ni kama 0.09. Tairi zote kwa pamoja 0.75 kwa kilomita.

Sasa za mtumba. Moja 3,000, nne 12,000, kufunga na balansi 1,500, jumla 13,500. Lakini zimekuja zimeshaliwa nusu na mpira umezeeka, zikikupa kilomita 15,000 shukuru. 13,500 gawanya kwa 15,000 ni 0.90, na bado hujaweka pancha ambazo hapo zitakuwa nyingi, na siku ya kupasuka umepoteza kazi ya siku nzima. Kwa hivyo mtumba uliolipia nusu bei unakula zaidi kwa kila kilomita. Kama huna 26,500 kwa mara moja nunua mpya mbili mbili, ni sawa, lakini usijidanganye kwamba mtumba ni rahisi.

Na hata ukinunua mpya angalia ubavuni. Kuna maandishi yanaanza na DOT, fuata mpaka mwisho utaona tarakimu nne ndani ya duara lililobonyea. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na nywele zake zote na rangi nyeusi inang'aa lakini imekaa stoo miaka, na mpira mkavu kwenye lami ya saa saba mchana hapa Mombasa unapasuka vinyufa kabla ya kuisha. Tarakimu hizo wakati mwingine ziko upande wa ndani, ziangalie kabla fundi hajaifunga kwa rimu.

Tairi pia inakusomea gari. Ikiisha katikati peke yake upepo ni mwingi, ikiisha pande zote mbili katikati imebaki basi upepo ni mdogo, ikiisha upande mmoja tu alainimenti imeenda ama bushi zimelegea. Presha sahihi imeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, ipime asubuhi tairi zikiwa baridi, sio saa nane baada ya kutoka Miritini.

Hatua ya nne: sevisi na kuchakaa

Hapa ndipo pagumu kwa sababu hakuna bei ya kila siku. Njia ni kuchukua kila kitu kinachoisha, uulize kinadumu kilomita ngapi, ugawe bei yake kwa hizo kilomita. Huna haja ya kuandika kila skrubu, chukua vichache vikubwa.

Sevisi ya oili na filta na fundi, 4,500 kila kilomita 5,000, hiyo 0.90. Pedi za mbele 3,000 kila 25,000, hiyo 0.12. Oili ya giaboksi, na hizi CVT msicheze nazo, 8,000 kila 40,000, hiyo 0.20. Halafu miguu, yaani shoki, bushi, boljointi na vitu vidogo vya huko chini, weka 30,000 kila kilomita 50,000, hiyo 0.60. Mpaka hapo ni 1.82. Juu yake ongeza fungu la vitu visivyo na ratiba, gesi ya AC, betri, feni, waya, taa na kutu. Mimi nalipigia fungu hilo 0.68 kwa kilomita, ambayo kwa kilomita 4,000 ni kama 2,700 kwa mwezi, na jumla ya sevisi na kuchakaa inakuwa 2.50.

Mtu wa bara ataona hilo fungu ni kubwa, lakini huku hewa yenyewe ina chumvi. Gari linalolala Nyali karibu na bichi na kupanda feri linaoza kutoka chini, mabomba ya breki, shingo za egzosti, sehemu ambazo jeki inashika. Kuosha chini kwa maji yasiyo ya chumvi mara moja kwa wiki ni pesa ndogo ukilinganisha na kuchomelea sakafu. Na ukitaka kujua kama miguu inakaribia, usingoje kelele, pita barabara mbovu polepole vioo vikiwa chini na redio imezimwa, kigongo kidogo cha "tok tok" ni boljointi ama linki, na sauti kama ya mpira unaokwaruzwa ni bushi. Ukiitengeneza wakati wa tok tok unalipa kitu kimoja, ukiiacha inakula tairi pamoja nayo, na hapo ile 0.75 ya tairi haipo tena.

Hatua ya tano: gari lenyewe linapungua bei

Hii ndio wengi hawaiweki kabisa. Umenunua 850,000. Miaka minne ya teksi, tuseme utaliuza 450,000. Zile 400,000 zimeenda wapi? Zimebaki barabarani. Miaka minne kwa kilomita 4,000 kila mwezi ni kilomita 192,000, ukigawa unapata kama 2.10 kwa kilomita. Ni kweli gari linapungua bei hata likisimama, lakini kwa teksi kilomita ndizo zinazolimaliza, na mnunuzi wa kwanza kufungua mlango anachungulia odomita.

Ile 2.10 kila siku iweke mahali usipoweza kuigusa kirahisi, manake usipoiweka, miaka minne ikiisha una gari lililochoka na huna ya kununulia lingine, na ndio mwanzo wa kuweka logibuku rehani. Kama gari ni la mkopo, riba yake iongeze kwa gharama za mwezi hapo chini, lakini malipo ya mkopo wenyewe usiyahesabu mara mbili pamoja na hii 2.10, manake bei ya gari tayari iko ndani.

Hatua ya sita: dereva na zile zinazolipwa gari likiwa limesimama

Mshahara wa dereva ni gharama hata kama dereva ni wewe mwenye gari. Hilo nalisisitiza kwa sababu naona ndugu zetu wengi wanaendesha magari yao wenyewe, wanasema gari linawaingizia faida, kumbe ile "faida" ni ujira wao tu, tena mdogo kuliko wangepata wakimwendeshea mtu. Jiulize ungeajiriwa kuendesha ungekubali ngapi kwa siku. Tuweke 1,200, mara siku 26 ni 31,200, gawanya kwa kilomita 4,000 unapata 7.80.

Za mwezi zingine: bima ya PSV 7,000, leseni na ukaguzi na beji za mwaka ukizigawa kwa miezi 12 weka 1,000, pakingi na stendi 2,000, traka 1,000, bando 1,000. Jumla 12,000, kwa kilomita ni 3.00. Kuosha gari 200 kila baada ya siku moja, mara 13 kwa mwezi ni 2,600, ambayo ni 0.65. Watu hucheka nikiweka kuosha gari, lakini linganisha 0.65 na 0.75 ya tairi.

Hizi ni tofauti na mafuta na tairi kwa jambo moja. Mafuta usipotembea hulipi, hizi unalipa hata gari likilala. Kwa hivyo mwezi ukiwa mbaya ukatembea kilomita 2,000 tu, ile 3.00 inakuwa 6.00 na ya dereva inakuwa 15.60. Msimu wa mvua wageni wakipungua huko hoteli za kaskazini na Diani, hapo ndipo kilomita moja inakuwa ghali, hata kama petroli haijapanda hata senti.

Hatua ya saba: jumlisha, halafu toa kilomita tupu

Tuziweke zote sasa. Mafuta 12.86, tairi 0.75, sevisi na kuchakaa 2.50, gari kupungua bei 2.10, hizo ni za kutembea na jumla yake ni 18.21. Dereva 7.80, bima na wenzake 3.00, kuosha 0.65, hizo ni za kusimama na jumla yake ni 11.45. Zote kwa pamoja 29.66, tuseme shilingi 30 kasoro kidogo kwa kila kilomita gari linayotembea.

Lakini kasta halipi kila kilomita. Kati ya 4,000 analipa 2,400, ambayo ni asilimia 60. Kwa hivyo kila kilomita ya kulipwa inabeba pia ile tupu iliyo nyuma yake. 29.66 gawanya kwa 0.60 ni 49.43. Na kama kazi imetoka kwa apu kuna komisheni, kanuni za 2022 za usafiri wa apu zimeweka ukomo wa asilimia 18, kwa hivyo kwa kila 100 ya kasta wewe unapata 82. 49.43 gawanya kwa 0.82 inakuwa kama 60.

Yaani gari linalokula 30 kwa kilomita linahitaji kasta alipe 60 kwa kilomita ili dereva apate 1,200 yake na gari lijilipe, na hapo bado hakuna faida. Ukitaka kuishusha hiyo 60, kubana mafuta kutakupa kidogo tu, kilomita tupu ndio mahali penyewe. Ukipandisha za kulipwa kutoka asilimia 60 hadi 70, 29.66 gawanya kwa 0.70 ni 42.37, ukitoa na komisheni inakuwa kama 52. Umesevu 8 kwa kilomita bila kununua kitu.

Hatua ya nane: pima tripu moja

Chukua tripu ya Mwembe Tayari kwenda Mtwapa, tuseme mita inasoma kilomita 17 na kasta analipa 900 kwa apu. Komisheni 162, unabaki na 738. Unarudi mjini mtupu, kwa hivyo gari limetembea 34. Za kutembea ni 18.21 mara 34, kama 619. Umebaki na 119.

Hizo 119 zilipe saa moja na nusu. Za kusimama kwa siku, ukichukua dereva, bima na kuosha, ni 45,800 kwa mwezi gawanya kwa 26, kama 1,760. Kwa siku ya saa kumi ni 176 kwa saa, kwa hivyo saa moja na nusu inataka 264. Tripu imekosa 145. Haikuonekana kama hasara kwa sababu ulishika 738 mkononi na mafuta yalikula 437 tu, ukaona kama 300 imebaki.

Sasa ungoje Mtwapa robo saa, upate mtu wa kwenda Kongowea kwa 400. Baada ya komisheni ni 328, na kilomita zile ulikuwa unazitembea hata hivyo. 119 na 328 ni 447, na muda umeongezeka wa 44 tu, sasa tripu imelipa. Ndio maana ya kurudi, hata ya bei ya chini, unaichukua. Ya kwenda ya bei ya chini usiichukue ukitumaini ya kurudi.

Na zile ndogo za mbali pia zipime. Uko Nyali karibu na Siti Moli, ombi linatoka ndani ya Kisauni kilomita 5, mtu anaenda kilomita 2, na wewe unatoka tena kilomita 2 kurudi barabarani. Analipa 200, unapata 164. Kilomita 9 mara 18.21 ni 164. Umefanya kazi bure kabisa, dereva hajapata hata shilingi.

Hatua ya tisa: tajiri na hesabu ya siku

Magari mengi hapa dereva anampelekea tajiri hesabu ya siku, yeye anatia mafuta na kuosha, kinachobaki ni chake. Tuseme hesabu ni 1,500. Kwa siku 26 ni 39,000 na tajiri anajiona ana 39,000. Toa zile 12,000 za mwezi, toa sevisi na kuchakaa 10,000, toa tairi 3,000, toa gari kupungua bei 8,400. Imebaki 5,600. Hiyo ndio faida yake halisi kwa gari la 850,000.

Sasa dereva, ili apate chake, anaongeza masaa na gari linatembea 6,000 badala ya 4,000. Hesabu ni ile ile 1,500. Kwa kila kilomita ya ziada tajiri anapoteza tairi 0.75, kuchakaa 2.50 na bei ya gari 2.10, jumla 5.35. Kilomita 2,000 za ziada ni 10,700. Ile 5,600 imegeuka kuwa hasara ya 5,100 na tajiri bado anapokea 1,500 kila jioni kwa wakati, hana habari. Mapatano ya haki kwa pande zote ni hesabu inayofuata odomita: 1,500 mpaka kilomita 160 kwa siku, na kila kilomita inayozidi dereva aongeze 6. Dereva naye ana haki ya kudai kitu hapo, kwamba siku gari liko gereji kwa kosa la uchakavu hesabu isidaiwe, manake tayari ameshalipia huo uchakavu kwa kilomita.

Mafuta yakibadilika

Kila tarehe 14 EPRA wakitangaza, huna haja ya kurudia yote haya. Kwa gari la kilomita 14 kwa lita, kila shilingi 10 inayoongezeka kwa lita ni 0.71 kwa kilomita ya kutembea. Gawanya kwa 0.60 halafu kwa 0.82 unapata kama 1.45 kwa kilomita ya kulipwa, yaani Mtwapa ya kilomita 17 inapanda kama shilingi 25. Mtu akikupandishia bei kwa 200 kwa sababu petroli imepanda 10 anakudanganya, na dereva ambaye hakupandisha chochote anailipia ile 25 kutoka kwenye 1,200 yake. Kila miezi mitatu rudia ile ya kujaza mpaka juu, na kila ukibadilisha tairi andika odomita ya siku hiyo nyuma ya daftari, ndio mara ijayo ile 40,000 isiwe ya mfano wangu bali ya gari lako.